Mashine inaingiza milioni 78, kampuni inanipa milioni 240. Mwanangu anasema naibiwa

Mshauri wetu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Igurusi. Nina mashine ya kukoboa mpunga, pamoja na ya kutoa mawe na ya kugredi, na ghala la kuhifadhia. Niliianza na mashine moja ndogo, sasa malori ya Dar yanapanga foleni uani kwangu msimu ukichanganya. Kila nilichopata nimekirudisha humo. Nje ya mashine nina shamba la mpunga ekari 12 hapa hapa Usangu na nyumba tunayoishi, ambayo ndiyo dhamana ya mkopo ninaochukua kila msimu kununua mpunga na kuwakopesha wakulima wanaoniletea mavuno.

Nimeandika hesabu zangu za misimu mitano. Nikishatoa umeme, mafundi, vibarua, roli za mpira, riba, kodi na akiba ya kubadilisha mashine, nilibaki na milioni 95, halafu 40, halafu 130, halafu 20, na msimu uliopita 105. Wastani ni milioni 78 kwa mwaka. Ule wa 40 maji yalikuwa haba. Ule wa 20 gia ya mashine kubwa ilivunjika mpunga ukiwa umejaa uani, tukasubiri kipuri wiki tatu, wateja wakahamia kwingine.

Mwezi uliopita ilikuja kampuni ya Dar yenye mashine za mchele Morogoro, Shinyanga na Kyela, ina malori na biashara nyingine nyingi. Wanataka kununua kila kitu isipokuwa shamba na nyumba, kwa shilingi milioni 240. Wamesema naweza kubaki kama meneja.

Kijana wangu anayesoma mambo ya fedha chuo kikuu amekasirika. Anasema walifundishwa kwamba biashara ya aina hii inatakiwa ilipe asilimia 20 kwa mwaka, basi milioni 78 ukiigawa kwa asilimia 20 unapata milioni 390. "Mama, wanakuibia milioni 150 mchana kweupe." Baba watoto anasema niuze haraka, maana ule msimu wa gia sikulala, na yeye hakulala.

Mimi nimebaki katikati. Hesabu ya mwanangu naielewa, lakini nikijiuliza kama mimi mwenyewe ningetoa milioni 390 kununua mashine hii leo, moyo unakataa. Inawezekanaje kitu kimoja kiwe na bei mbili? Au ni woga wangu tu?

Mama wa Mashine, Igurusi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, sioni woga hapo. Moyo wako umegusa jambo ambalo hesabu ya kijana wako imeliruka, na ni jambo ambalo wataalamu wa fedha wenyewe wamelibishania kwa miaka mingi. Kitu kimoja kinaweza kuwa na bei mbili halali, kutegemea ni nani anayekishika na ana nini kingine mkononi.

Kabla ya kufika huko, tuiangalie hiyo milioni 78. Umetaja umeme, mafundi, vibarua, riba, kodi. Hukutaja mshahara wako. Wewe ndiye unayepokea magunia alfajiri, unayepima unyevu, unayepatana bei na wenye malori, unayelala na funguo za ghala. Kama kampuni ikikubakiza kama meneja itakulipa, na ukiondoka italazimika kumtafuta mwingine imlipe. Tuseme mtu wa kazi hiyo analipwa milioni 1.5 kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka. Basi katika ile milioni 78, milioni 18 ni jasho lako, na milioni 60 ndiyo faida ya mtaji. Anayenunua mashine hanunui jasho lako. Kwa hiyo hata kwa njia ya kijana wako, milioni 60 kwa asilimia 20 ni milioni 300, si 390. Mpelekee hesabu hiyo kwanza, naamini ataikubali bila ubishi.

Sasa hiyo asilimia 20. Kijana wako hajaitoa hewani. Inatoka katika kanuni ambayo mizizi yake ni kazi ya Harry Markowitz ya mwaka 1952 na ya William Sharpe ya mwaka 1964, na wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990. Kanuni inasema hivi: anza na faida ambayo mtu angeipata bila wasiwasi mkubwa, kwetu tuchukue hatifungani za serikali za muda mrefu. Nitatumia asilimia 12 kwa mfano, wewe utaangalia minada ya karibuni ya Benki Kuu. Halafu ongeza malipo ya kubeba hatari ya biashara kwa ujumla wake, ambayo nitayaweka asilimia 8. Malipo hayo unayazidisha kwa namba iitwayo beta, inayoonyesha biashara yako inatikisika kiasi gani pale uchumi mzima unapotikisika. Beta ikiwa 1, unapata 12 jumlisha 8, ndiyo 20 ya kijana wako.

Kuna neno moja katika sentensi hiyo ambalo watu hulipita haraka, nalo ni "uchumi mzima". Beta haihesabu kila kinachoweza kuitikisa mashine yako. Inahesabu tu ile sehemu ya mtikisiko inayokwenda pamoja na soko zima: mafuta yakipanda nchi nzima, riba za benki zikipanda, watu mijini wakipungukiwa na fedha wakapunguza wali. Gia kuvunjika Igurusi haimo humo. Jirani kufungua mashine mpya mita mia mbili kutoka kwako haimo. Fundi wako mzuri kuhamia Mafinga kwenye mbao haimo.

Kwa nini waliziacha? Kwa sababu kanuni ile ilimfikiria mtu ambaye fedha zake zimetawanyika katika biashara nyingi. Chukua kampuni hiyo hiyo inayotaka kununua. Gia ikivunjika Igurusi, mashine ya Kyela inaendelea kukoboa. Usangu ikikosa maji, huenda Shinyanga imepata mvua nzuri, na uhaba wa mchele wa Mbeya ukawapandishia bei wale wenye mzigo wa kwingine. Wateja wako waliokukimbia ule msimu wa gia walipeleka mpunga kwa mtu, na mwenye mashine nyingi anaweza kuwa ndiye huyo mtu. Kwake, mikosi ya pahala pamoja inafutana na bahati ya pahala pengine. Kinachobaki ni kile kinachowapiga wote kwa pamoja, na hicho ndicho anachodai kulipwa.

Kwako hakuna cha kufutana nacho. Msimu wa gia, milioni 20 ndiyo ilikuwa milioni 20 ya nyumba nzima. Wewe unabeba hatari yote: ile ya soko, na ile ya gia, ya jirani, ya fundi, ya mfereji. Ndiyo maana profesa Aswath Damodaran wa Chuo Kikuu cha New York, anayejulikana sana kwa mambo ya kuthaminisha biashara, anaeleza kipimo kingine kwa mmiliki aliyeweka kila kitu pahali pamoja. Kinaitwa beta ya jumla. Badala ya kuuliza "inatikisika kiasi gani pamoja na soko", unauliza "inatikisika kiasi gani, basi", kisha unalinganisha mtikisiko wote huo na wa soko.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano, polepole. Tuseme soko zima la biashara, katika mwaka wa kawaida, linapanda au kushuka thamani kwa kama asilimia 20 kuzunguka wastani wake. Mashine yako inapanda na kushuka zaidi. Faida zako zimeruka kutoka 20 hadi 130, huo ni mruko mkubwa mno, lakini thamani ya mashine haifi kwa msimu mmoja mbaya, kwa hiyo nitaiweka asilimia 50. Na tuseme mashine yako inakwenda pamoja na soko kwa kiwango cha 0.4, ambapo 1 ingemaanisha vinatembea bega kwa bega kabisa na 0 ingemaanisha havijuani.

Beta ya kawaida ni 0.4 mara 50, gawanya kwa 20. Unapata 1. Ile ile ya kijana wako, faida inayotakiwa asilimia 20, thamani milioni 300.

Beta ya jumla inaiacha ile 0.4 kabisa, maana wewe unabeba mtikisiko wote na si sehemu tu. Ni 50 gawanya kwa 20, unapata 2.5. Faida inayotakiwa sasa ni 12 jumlisha 2.5 mara 8, yaani asilimia 32. Na milioni 60 ukiigawa kwa asilimia 32 unapata milioni 187 na nusu.

Hizo ndizo bei mbili zako. Mashine ni hiyo hiyo, mpunga ni huo huo, faida ni milioni 60 ile ile. Kwa mwenye mali zilizotawanyika ina thamani ya kama milioni 300. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yamo humo ina thamani ya kama milioni 187. Ofa ya milioni 240 imeangukia katikati, na ndiyo maana kijana wako anaona wizi, baba watoto anaona ukombozi, na kila mmoja ana namba ya kumtetea.

Sasa naomba nikuulize kwa upole kuhusu shamba. Umeliandika kana kwamba ni kitu "nje ya mashine". Ekari 12 za mpunga Usangu zinakunywa maji yale yale ambayo wakulima wako wanayategemea. Mwaka ule wa maji haba, shamba lilikupa nini? Na zile fedha ulizowakopesha wakulima, zilirudi zote? Mkopo wa benki je, si ulidaiwa vile vile, na nyumba ikiwa dhamana? Naogopa kwamba shamba, mashine, madeni ya wakulima na nyumba vinaonekana kama vitu vinne, lakini vikiguswa vinaguswa siku moja na kwa sababu moja. Kama ni hivyo, wewe uko karibu na ile 32 kuliko unavyodhani. Kama shamba lingekuwa la parachichi Rungwe, au ungekuwa na nyumba ya kupangisha Mbeya mjini, au akiba katika mifuko ya UTT AMIS, ningekwambia namba yako inashuka kuelekea 20. Mtu hayuko 20 au 32 tu, anakaa mahali fulani kati yake kadiri mali zake zilivyo mbalimbali.

Hapa kuna jambo linaloumiza kidogo kulisikia. Kwa kuwa unabeba hatari zaidi, unahitaji faida zaidi. Lakini kuhitaji si kupewa. Soko halikulipi kwa hatari ya gia, kwa sababu yupo mnunuzi ambaye hatari hiyo haimuumizi. Ukisema "sinunui mashine ya namna hii kwa zaidi ya milioni 187", yeye atasema 200, mwenzake 250, mpaka bei ifike mahali ambapo kinacholipwa ni hatari ya soko peke yake. Ukishindana na watu wa namna hiyo ukiwa na mashine moja, unabeba mzigo ambao hakuna anayeulipia. Ndivyo ilivyo kwa wenye biashara moja kila mahali, hata kwa wale wanaoonekana wanakwenda vizuri sana.

Angalia ofa kwa jicho hilo. Kukataa milioni 240 ni sawa na kuitoa mfukoni leo na kuinunua mashine yako upya. Ukifanya hivyo, milioni 60 juu ya 240 inakupa asilimia 25. Kwa kampuni, 25 ni tamu, imezidi 20 wanayohitaji. Kwa mtu ambaye kila kitu chake kimo humo, 25 iko chini ya 32. Swali lako la kweli basi ni hili: je, hali yako, ukiitazama pamoja na shamba, nyumba, umri wako na watoto wanaosoma, inadai zaidi ya 25 au chini yake? Hilo siwezi kulijibu nikiwa huku, na sidhani kijana wako anaweza kulijibu kwa kitabu.

Ukiamua kuuza yote, usijidanganye kuhusu kipato. Milioni 240 kwenye hatifungani za asilimia 12 inakupa milioni 28.8 kwa mwaka. Ukibaki meneja kwa milioni 18, jumla ni 46.8. Ulikuwa umezoea wastani wa 78. Pengo la milioni 31 hivi ndiyo bei ya kulala usingizi, na mwaka kama ule wa gia ungeona umepata zaidi ya maradufu ya ulichopata. Lakini hatifungani inalipa kiasi kile kile miaka yote huku bei za vitu zikipanda, wakati ada ya kukoboa huwa unaipandisha umeme ukipanda. Na kazi ya umeneja ni ahadi ya mdomo hadi iandikwe. Wakikuondoa mwaka wa pili, unabaki na 28.8 na mikono iliyozoea kazi. Muulize pia mhasibu kodi inayokatwa kwenye faida ya mauzo, maana 240 ya mezani si 240 ya benki.

Njia ya kuuza sehemu naipenda zaidi kuizungumzia, kwa sababu inaligusa tatizo lenyewe. Ukiuza nusu kwa milioni 120 na kuitawanya, nusu inayobaki haiwi tena maisha yako yote, na kiwango unachohitaji kwenye nusu hiyo kinashuka. Lakini kuna mtego. Mara nyingi mwenye sehemu ndogo hana sauti. Wakikuachia asilimia 49 na wao wakashika 51, wanaweza kuamua faida ibaki kwenye kampuni kununulia malori, na wewe ukakaa miaka mitatu bila gawio, huku mali yako iko pale pale na huwezi kuiuza kwa mtu mwingine kwa urahisi. Ukienda njia hiyo, biashara isajiliwe kama kampuni BRELA, na mkataba wa wanahisa uandike mambo mawili kabla ya yote: kiwango cha chini cha faida kitakachogawiwa kila mwaka, na haki yako ya kuwauzia sehemu yako kwa kanuni ya bei iliyokubaliwa leo. Bila hayo mawili utakuwa umepunguza fedha bila kupunguza hatari.

Njia ya tatu ni kubaki na kila kitu, lakini kuipunguza ile 50 kutoka ndani. Umesema gia ilisubiriwa wiki tatu. Gia ya akiba ikiwa ghalani, na fundi wa pili anayeijua mashine, wiki tatu zinakuwa siku tatu. Mikopo kwa wakulima ipunguzwe kwa wale wa mfereji mmoja, ichanganywe na wa maeneo yenye maji tofauti. Nyumba itolewe kwenye dhamana hata kama riba itapanda kidogo. Tuseme mambo hayo yanashusha mtikisiko wako kutoka 50 hadi 40. Beta ya jumla inakuwa 2, faida unayohitaji inakuwa asilimia 28, na thamani ya mashine kwako inapanda kutoka milioni 187 hadi 214 hivi, bila faida kuongezeka hata shilingi. Kumbuka lakini kwamba kampuni haitakuongezea bei kwa ajili hiyo, maana gia haikuwemo katika hesabu yao tangu mwanzo. Hiyo ni faida yako peke yako, na inakufaa tu ukibaki.

Sambamba na hiyo, ungeweza kuacha kurudisha kila kitu mashineni. Tenga sehemu ya kila msimu mzuri kwa vitu visivyojua Usangu: hatifungani, ambazo mtu anaweza kuanza na milioni 1, vipande vya UTT AMIS, hisa za makampuni yaliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Itachukua miaka kabla haijakusogeza kutoka 32. Kwa miaka 54 una misimu kadhaa ya kufanya hivyo, ila si misimu mingi mno ya kupoteza, na msimu mmoja mbaya unaweza kuila akiba ya mitatu mizuri. Hapo ndipo baba watoto ana hoja.

Nataka uishike namba ya 32 kwa vidole, si kwa ngumi. Kuna wataalamu wanaoipinga beta ya jumla. Wanasema inamchukulia mmiliki kana kwamba hana kabisa kingine chochote, na wengine wanasema bei ya kitu haiwezi kutegemea hali ya muuzaji. Nadhani wana haki katika bei ya sokoni. Lakini wewe hukuuliza bei ya sokoni tu, umeuliza thamani kwako, na hapo hali yako ndiyo swali lenyewe. Zile 50 na 0.4 pia ni makadirio yangu kutokana na misimu mitano. Jaribuni na kijana wako kuweka 40, kisha 60, muone jibu linavyosogea. Mkiona uamuzi unageuka kwa mabadiliko madogo, mjue hesabu haitawaamulia.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii inakupa bila shaka, uuze au usiuze. Kama kampuni ina akili ya kawaida ya biashara, mashine hii kwao ni karibu milioni 300. Wametaja 240 wakijua, au wakihisi, kwamba mtu mwenye biashara moja na nyumba kwenye dhamana atakubali chini ya hapo. Mpaka uwaambie 300, hawana sababu ya kupanda. Kwa hiyo msikae mezani mkijadili kama biashara "inatisha". Wapelekee daftari la misimu mitano, ondoa mshahara wa meneja kabla hawajauondoa wao, onyesha milioni 60, na uwaulize waziwazi wanatumia asilimia ngapi. Wakisema 20, hesabu iliyobaki wataifanya mbele yako. Wakisema 25, waulize gia iliyovunjika Igurusi inawaumiza vipi watu wenye mashine Morogoro, Shinyanga na Kyela.

Mchukue kijana wako siku hiyo, dada. Baba watoto naye awepo. Na umeneja wauandike kwenye karatasi yake, na mshahara na muda wake, mbali na bei ya mashine, ili wasije wakakupa kwa mkono huu wakachukua kwa ule.